Barua Iliyosema "Tumebadilisha Jina"



Nimekuwa kimya hapa kwa muda mrefu, na wengine wenu mmenitumia barua pepe kuuliza kama nimeacha tarakilishi nikaenda kulima. La hasha. Nilikuwa nikisafisha takataka niliyoimwaga mwenyewe kwa barua moja ya ukurasa mmoja. Leo nawasimulia ilivyokuwa. Wengi wanaosoma ukurasa huu wana kijiduka cha programu au ukarabati wa mitambo, na siku moja watataka kukifanya kampuni. Barua kama ile wataiandika tu.

Nilianza biashara Thika mwaka 2011 nikiwa peke yangu, nikiandika programu za stoo na mauzo kwa maduka ya jumla. Jina la biashara nililisajili, lakini jina la biashara si mtu. Mbele ya sheria biashara ile ilikuwa mimi. PIN iliyokuwa kwenye ankara zangu ilikuwa PIN yangu ya binafsi, ile inayoanza na herufi A, na hata ushuru wa VAT nilisajiliwa nao kwa PIN hiyo hiyo. Mwaka 2024 tulikuwa watu wanne, tukaamua kufungua kampuni yenye dhima ya kikomo. Wakati huo huo tulihamia ofisi ya Nairobi. Kampuni ikapata cheti chake, ikapata PIN yake inayoanza na P, ikasajiliwa VAT, ikafungua akaunti ya benki. Tukapanga kazi ianze upande mpya tarehe 1 Agosti 2024.

Ikabaki kuwaambia watu. Tulikuwa na wateja 19 na watu 11 wanaotuuzia vitu: intaneti, umeme, vifaa, seva za kukodi. Nikaketi jioni moja nikaandika barua, nzuri kwa kweli, yenye nembo mpya. Ilianza hivi: "Tunapenda kuwajulisha kwamba tumebadilisha jina." Chini yake nikaorodhesha jina jipya, PIN mpya, anwani mpya ya ankara, na akaunti mpya ya benki. Nikaituma kwa wote 30 kutoka anwani mpya ya barua pepe, nikalala usingizi mnono.

Barua ile ilikuwa na makosa matatu. Nitayachukua moja moja.

Kosa la kwanza: barua ya kweli iliyofanana na ya mwizi

Asubuhi iliyofuata nilipigiwa simu na mhasibu wa mteja wetu mmoja mkubwa. Ni mama wa makamo ambaye amenilipa ankara tangu nikiwa na nywele nyingi.

"Kijana wangu," akaniambia, "kuna mwizi anatumia jina lako."

"Mwizi gani tena, mama?"

"Ameniandikia ati mna jina jipya, na PIN mpya, na pesa nipeleke benki nyingine. Hata barua pepe si ile yako. Nimeifuta."

Nilipomwambia mwizi huyo ni mimi, akacheka, kisha akanipa somo ambalo sijalisahau. Barua inayosema "kuanzia leo lipeni kwenye akaunti hii nyingine" ndiyo barua ambayo matapeli huwatumia wahasibu kila siku. Mimi nilikuwa nimebadilisha kila kitu kwa siku moja: jina, PIN, sanduku la posta, benki, hata anwani ya barua pepe. Hakuna kitu kimoja cha zamani ambacho angekishika na kusema, naam, huyu namjua. Mhasibu mzuri anapopata barua ya namna hiyo huitupa, na alifanya sawa.

Basi nikaituma upya, safari hii kutoka anwani ya zamani, ile ambayo kila mmoja alikuwa na barua zake za miaka. Nambari ya simu sikuibadilisha, na katika barua sikuiandika kabisa. Niliandika tu: "Kabla ya kubadilisha chochote, tupigieni kwa nambari mliyo nayo tayari." Mnaona tofauti? Nikikuandikia nambari ndani ya barua, nawe ukaipiga, umemuuliza mwandishi wa barua kama barua ni ya kweli. Mwizi naye atasema ndiyo.

Jambo la pili nililoongeza ni njia ya kukagua bila kuniuliza mimi. Kwenye iTax kuna kikagua PIN. Mtu yeyote huingiza PIN, akaona jina la mwenye PIN hiyo na majukumu ya ushuru aliyosajiliwa, VAT ikiwemo. Nikawaandikia: ingizeni PIN yetu mpya pale, jina litakalotokea lazima lifanane herufi kwa herufi na jina lililo kwenye barua hii na kwenye akaunti ya benki. Kwa walioomba, tulituma nakala ya cheti cha usajili na ile hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Yule mama alipoona jina langu kwenye CR12, akaridhika.

Akaunti ya benki nayo tuliiondoa kwenye barua ya kwanza, tukaituma peke yake baada ya mazungumzo ya simu. Jina na anwani vikivuja havina madhara makubwa, lakini pesa ikishafika kwa mwizi hairudi.

Kosa la pili: neno "tumebadilisha"

Hili ndilo lililonigharimu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kama una kampuni tayari, nawe unabadilisha jina lake tu, basi "tumebadilisha jina" ni maneno ya kweli. Msajili wa Kampuni anakupa cheti cha kubadilisha jina, lakini kampuni ni ile ile. PIN haibadiliki. Mikataba inaendelea, madeni yanaendelea. Mteja anafungua rekodi yako, anafuta jina la zamani, anaandika jipya, kazi imekwisha.

Mimi sikubadilisha jina. Mtu mmoja, yaani mimi, aliacha kuuza, na mtu mwingine, yaani kampuni, akaanza kuuza. Kwa sheria hawa ni wawili, hata kama wanakalia kiti kimoja na kunywa chai ya kikombe kimoja. Lakini barua yangu ilisema "tumebadilisha jina", na mteja wetu mmoja, kampuni ya usambazaji ambayo sitaitaja, alifanya kile barua ilichosema. Karani wao alifungua rekodi yangu, akafuta jina la zamani, akaandika jipya, akabadilisha na anwani. PIN hakuigusa. Pengine mfumo wao ulimkataza kuigusa, kwa sababu kuna mifumo ya uhasibu inayofunga sehemu ya PIN baada ya ankara ya kwanza, na mimi ninayetengeneza mifumo ya namna hiyo ningelijua hilo.

Tazama kilichofuata kwa hesabu. Mteja huyu hutulipa kila mwezi kwa matunzo ya programu:

Kazi: shilingi 200,000.
VAT ya asilimia 16: shilingi 32,000.
Jumla ya ankara: shilingi 232,000.

Mteja huyu ni wa kukata ushuru kabla ya kulipa. Hukata asilimia 5 ya zile 200,000 kwa ajili ya ushuru wa mapato, yaani 10,000. Na kwa kuwa ameteuliwa kuwa wakala wa kukata VAT, hukata pia asilimia 2 ya zile 200,000, yaani 4,000. Hizo 14,000 huzipeleka KRA, nasi hutupa 218,000 na vyeti viwili. Vyeti hivyo ni pesa. Vinasema: mwenye PIN hii ameshalipa kiasi hiki, msimdai tena.

Sasa, mwenye PIN hii ni nani? Kwa rekodi yao alikuwa bado mimi, herufi A. Ankara ilitolewa na kampuni, mauzo yakatangazwa na kampuni, 218,000 zikaingia benki ya kampuni bila kupungua hata senti. Ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka. Lakini zile 14,000 zilikuwa zinaenda kukaa kwenye leja yangu ya binafsi.

Marejesho ya VAT hutakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi Septemba nilipotengeneza ya kampuni, zile 4,000 hazikuwepo. Nikasema labda wamechelewa. Oktoba vile vile. Nikalipa kamili kutoka mfukoni mwa kampuni, nikasema zitakuja. Novemba niliingia iTax kwa PIN yangu binafsi kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta vyeti sita vimepangwa pale kama kuku kwenye kiota kisicho chao. Miezi mitatu, mara 14,000: shilingi 42,000.

Utasema, si ni zako tu? Hapana. Zile 30,000 za ushuru wa mapato hazikunifaa mimi binafsi, kwa sababu mapato yenyewe hayakuwa yangu tena. Yalitangazwa na kampuni. Na kampuni haikuweza kuzitumia kwa sababu vyeti havikuwa na PIN yake. Pesa haikupotea. Ilikuwa kwa jina la mtu mwingine, na bahati mbaya mtu huyo ni mimi.

Kurekebisha hakukuwa mikononi mwangu, kwani aliyekata ndiye anayepaswa kuanzisha marekebisho ya cheti. Nilipiga simu, nikaandika, nikaenda mwenyewe mara mbili. Karani yule alinionyesha barua yangu. "Lakini wewe ndiwe uliyeandika kwamba ni kubadilisha jina," akasema kwa upole. Sikuwa na jibu. Vyeti vilikaa sawa mwezi Februari 2025, na kwa muda wote huo tuliendesha ofisi ya watu wanne tukiwa pungufu ya 42,000. Mwezi mmoja mishahara ilichelewa siku tatu. Kuwatazama machoni wale vijana siku hizo tatu kulikuwa kugumu kuliko kuchambua hitilafu yoyote ya programu.

Basi hii hapa ndiyo barua niliyopaswa kuandika kwa wateja. Ichukueni:

"Hadi tarehe 31 Julai 2024 huduma mlipewa na (jina la mtu na la biashara yake, PIN A...). Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024 zitatolewa na kampuni tofauti iitwayo (jina kamili, PIN P...). Hii si kubadilisha jina. Tafadhali msirekebishe rekodi yetu ya zamani. Fungueni rekodi mpya ya muuzaji yenye PIN mpya. Ankara zifuatazo zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo bado zalipwa kwa akaunti ya zamani, na ushuru unaokatwa kwazo uende kwa PIN ya zamani: (nambari, tarehe na kiasi cha kila ankara). Zikiisha, fungeni rekodi hiyo."

Orodha ya ankara zinazodaiwa ni tofauti kwa kila mteja, kwa hiyo barua 19 ni barua 19, si moja iliyonakiliwa. Na kama kuna mkataba, barua haitoshi. Mteja alitia sahihi na mtu wa kwanza, hivyo mkataba lazima uhamishwe kwa maandishi au usainiwe upya.

Kisha, mwezi wa kwanza baada ya mabadiliko, usitazame benki peke yake. Pokea malipo ya kwanza ya kila mteja, kisha angalia cheti chake kina PIN gani. Kosa likionekana kwenye malipo ya kwanza ni simu moja. Mimi nililiona kwenye la tatu.

Upande wa wanaotuuzia ni kinyume cha huo. Kwao wewe ndiwe mnunuzi, na PIN yako ni ile wanayoiandika kwenye ankara wanayokupa. Aliyetuuzia intaneti alibadilisha jina letu juu ya ankara haraka sana, nikafurahi. Lakini PIN ya mnunuzi iliyokwenda KRA kupitia eTIMS ilikuwa bado A. Ankara ilikuwa ya shilingi 11,600, na 1,600 kati yake ni VAT ambayo kampuni ingeidai. Haikuweza, kwa sababu kwa rekodi aliyenunua si yeye. Na ankara ya eTIMS ikishatumwa haifutwi kwa kalamu. Muuzaji hutoa kwanza hati ambayo wahasibu huiita krediti noti, kuiondoa ile ya kwanza, kisha hutoa ankara mpya yenye PIN sahihi. Hati hiyo ina muda wake wa miezi sita tangu ankara ilipotolewa, kwa hiyo ukikaa nazo kwenye droo hadi muda huo upite umepoteza. Kwa wanaokuuzia, basi, omba ankara ya kwanza baada ya tarehe ya mabadiliko, usome PIN, si jina.

Na usikimbilie kufunga usajili wa VAT wa zamani. Ankara uliyotoa mwezi Julai ikikutwa na kosa mwezi Septemba, krediti noti yake itatoka kwa PIN iliyoitoa, yaani ile ya zamani. Tuliuacha upande wa zamani wazi mpaka ankara ya mwisho ilipolipwa na kutulia. Sanduku la posta la Thika nalo tulililipia mwaka mmoja zaidi, na vizuri tulivyofanya hivyo, kwa maana barua ziliendelea kuingia humo.

Kosa la tatu: lile la fundi

Haya, mlifikiri mimi mwandishi wa programu nitapona upande wangu? Tuna mfumo wetu wenyewe wa kutoa ankara. Niliuandika mwaka 2012. Ndani yake kuna jedwali la kampuni lenye mstari mmoja tu, na ankara inapochapishwa husoma jina na PIN kutoka humo:

```sql
SELECT a.namba, a.tarehe, k.jina, k.pin, k.anwani
FROM ankara a JOIN kampuni k ON k.id = 1;
```

Tarehe 1 Agosti nikabadilisha mstari ule mmoja. Wiki mbili baadaye mteja akaomba nakala ya ankara ya Machi. Nikabofya, nikaituma. Akanirudia: "Mbona nakala hii ina PIN nyingine na ile tuliyo nayo?" Nikatazama, jasho likanitoka. Kwa kubadilisha mstari mmoja nilikuwa nimeandika upya ankara zote tangu 2012. Ankara ya Machi sasa ilidai kwamba imetolewa na kampuni ambayo mwezi Machi haikuwa imezaliwa. Laiti mkaguzi angeiona kabla yangu.

Ankara ni kumbukumbu ya kilichosemwa siku ile, kwa hiyo haipaswi kuuliza jina la leo. Nilitengeneza hivi:

```sql
CREATE TABLE utambulisho (
  id INT PRIMARY KEY,
  jina TEXT, pin TEXT, anwani TEXT,
  kuanzia DATE, hadi DATE
);
ALTER TABLE ankara ADD COLUMN utambulisho_id INT;
```

Kila ankara hushika nambari ya utambulisho uliokuwepo ilipotolewa, na mstari wa zamani haubadilishwi kamwe. Huongezwa mpya tu. Ankara zote za kabla ya Agosti zikaelekezwa kwa utambulisho namba 1, za baadaye kwa namba 2. Kisha nikatenda vivyo hivyo kwa wateja, kwa maana wao pia watahama, na wao pia watageuka kuwa kampuni. Kama mfumo wako hauwezi hilo, basi kabla ya kugusa mstari ule chapisha ankara zote za zamani ziwe faili za PDF, uziweke mahali salama. Si maridadi, lakini ni kweli.

Mwezi uliopita nilipata barua kutoka kwa mteja wetu wa Nakuru mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ilianza: "Tunapenda kuwajulisha kwamba tumebadilisha jina." Sikugusa rekodi yake. Nikachukua simu, nikapiga ile nambari ya zamani niliyo nayo tangu 2015, nikamuuliza: "Mzee, PIN yenu bado inaanza na A, ama sasa ni P?"

Akanyamaza kidogo. "Ni P," akasema. "Kwani kuna shida?"

Nikavuta kiti, nikamweleza.

Tuonane tena, na safari hii sitakawia.